Unyayo Ukishatua Usisogee

Ukimkuta kijana amezama kwenye gemu la kufyatuliana risasi, macho yako yatavutwa na bunduki, moshi na adui anayechomoza nyuma ya ukuta. Siku moja yashushe macho hayo hadi kwenye miguu ya mhusika. Mtazame wakati amelenga: mtutu umenyooka mbele, mabega yametulia, lakini miguu inampeleka kulia, inamrudisha nyuma, inamkatisha kwenda kushoto. Gemu likiwa limetengenezwa vizuri hutaona ajabu yoyote, utaona mtu tu. Likiwa limefanywa kwa pupa utaona miguu inateleza kama ya mtoto aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta, na mara moja moja utaona ugoko mmoja ukipenya ndani ya mwenzake kana kwamba mifupa ni moshi.

Mimi ni mhuishaji. Kazi yangu ni kuwapa wahusika wa gemu mwendo, na kwa miezi kadhaa nimeshughulika na mwendo wa ubavu tu, yaani mtu anayelenga mbele huku miguu ikimpeleka upande wowote kati ya pande nane. Wengi hudhani ugumu uko kwenye kuzitengeneza hizo klipu nane. Klipu zenyewe zinafanyika. Kazi kubwa iko kati ya klipu na klipu, pale mchezaji anapokwenda upande ambao si kulia kamili wala mbele kamili, na pale anapobadili nia ghafla.

Kwanza tuone mwili unavyosogea ndani ya gemu. Sisi tunakwenda kwa sababu mguu unaisukuma ardhi. Mhusika wa gemu hasukumi chochote. Kinachosogea ni umbo lisiloonekana, mfano wa kidonge cha dawa kilichosimama wima, na kompyuta inakisukuma kidonge hicho kwa kasi iliyopangwa, tuseme sentimita 300 kwa sekunde. Mhusika amepachikwa ndani yake, na juu yake inachezwa klipu, kipande kifupi cha mwendo kinachojirudia, chenye hatua mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Klipu yangu ya kwenda mbele ina fremu 24. Fremu 30 hupita kwa sekunde moja, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.8, na katika muda huo kidonge kimekwenda sentimita 240. Basi hatua mbili za miguu nazo lazima zifike sentimita 240, yaani 120 kila moja. Zikifika 200 tu, zile 40 zilizopungua zitalipwa na nyayo kwa kuburuzwa sakafuni.

Sasa hizo pande nane. Anayetumia kibodi ana vitufe vinne, W, A, S na D. Akibonyeza viwili vilivyo jirani kwa pamoja anapata kona nne nyingine, na kila upande unatofautiana na jirani yake kwa nyuzi 45. Lakini aliyeshika kijiti cha pleisiteshi, au anayesukuma kidole kwenye kioo cha simu, ana pande zisizohesabika. Akikielekeza kijiti katikati ya mbele na mbele-kulia, hapo hakuna klipu. Injini ya gemu huzichukua klipu mbili zilizo jirani na kuzichanganya, nusu hii na nusu ile. Kwenye Unity kifaa cha kazi hiyo kinaitwa `Blend Tree`, kwenye Unreal kinaitwa `Blend Space`, na vyote viwili hutafuta wastani wa kila kiungo, kuanzia nyonga hadi vidole.

Wastani huo una hila yake. Chukua mhusika mwenye klipu nne tu, mbele, nyuma, kushoto na kulia, halafu mchezaji aende mbele-kulia. Wakati unyayo uko chini, klipu ya mbele inaurudisha nyuma ya mwili kwa sentimita 300 kwa sekunde, na klipu ya kulia inaupeleka upande wa kushoto kwa kasi hiyo hiyo. Nusu ya kila moja ni 150. Chora kwenye karatasi mistari miwili ya 150 inayokutana kwa pembe mraba, kisha upime mshazari wake: utapata 212. Kidonge kinakwenda 300 huku miguu ikitembea 212, na tofauti ya sentimita 88 kila sekunde inateleza. Mchezaji asiyejua lolote kuhusu uhuishaji ataona kitu hakiko sawa, hata akishindwa kukitaja.

Ukiwa na klipu nane, mahali pabaya kuliko pote ni katikati ya majirani wawili, nyuzi 22.5 kutoka kwa kila mmoja. Hapo miguu inatembea sentimita 277 kwa sekunde na kinachoteleza ni 23. Kasoro hiyo inazibika kwa kuiharakisha klipu kwa asilimia 8 tu, na jicho haliligundui jambo hilo. Ungetaka kuziba zile 88 kwa njia hiyo, ungelazimika kuiharakisha klipu kwa asilimia 41, na mhusika angechapua miguu kama watu wa sinema za kale zisizo na sauti. Ndiyo maana wengi wetu tunaishia kwenye nane. Kumi na sita zingeteleza kidogo zaidi ya hapo, lakini ni kazi maradufu kwa faida ambayo asilimia chache za kuharakisha zimekwisha kuileta.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: klipu zote nane ziwe zinatembea kwa mdundo mmoja. Katika klipu zangu zote, fremu ya kwanza ndipo mguu wa kushoto unapotua, na nusu ya mzunguko ndipo wa kulia unapotua. Klipu ya kurudi nyuma ina fremu 20, kwa kuwa mtu hurudi nyuma kwa hatua fupi za harakaharaka, lakini hilo halidhuru, maana injini hupima kwa sehemu ya mzunguko, haihesabu fremu. Mdundo ukivunjika ndipo mambo yanapoharibika. Tuseme kwenye klipu ya mbele mguu wa kushoto umetua, na kwenye klipu ya kulia mguu huo huo uko hewani sentimita 14. Wastani wake ni sentimita 7 juu ya sakafu. Mhusika atatembea akielea, hatua baada ya hatua, na ukiichunguza klipu moja moja hutaona kosa popote, kwa sababu kosa halimo ndani ya klipu yoyote.

Kuhusu miguu kupishana, nilijifunza mengi zaidi sebuleni kwangu kuliko kwenye skrini. Nilibandika utepe wa karatasi sakafuni, mistari minne iliyokatana katikati, ikawa nyota ya pande nane. Nikashika mpini wa fagio kama bunduki, nikaulenga kwenye kitasa cha mlango, na simu nikaiweka chini inirekodi kuanzia magotini. Nikaenda mbele-kulia: mguu wa kushoto ukapita mbele ya wa kulia bila mimi kuamua. Nikaenda nyuma-kulia: ukapita nyuma yake. Kisha nikaenda kulia kamili, nikarudia na kurudia. Nilipolegea, mara ulipita mbele, mara nyuma. Nilipokikazia macho kitasa na kutaka mpini usitikisike, haukupita kabisa. Wa kulia ulitanuka, wa kushoto ukaufuata, ukatua kando yake, wa kulia ukatanuka tena. Ndio mwendo wa golikipa anapohama kutoka nguzo moja ya goli kwenda nyingine huku akiutazama mpira.

Rekodi hiyo ilinieleza ule ugoko unaopenya ugoko. Katika klipu ya mbele-kulia, mguu wa kushoto unapita, tuseme, sentimita 20 mbele ya wa kulia. Katika nyuma-kulia unapita sentimita 20 nyuma yake. Mchezaji akikizungusha kijiti haraka kutoka kona moja hadi nyingine, injini inazichanganya zote mbili, na wastani wa ishirini mbele na ishirini nyuma ni sifuri. Sifuri ndipo ulipo mguu wa kulia. Kompyuta haijui kuwa pale pana nyama na mfupa, kwa hiyo inaupitisha.

Kwa sababu hiyo klipu za kulia kamili na kushoto kamili siku hizi nazifanya za hatua za kufuatana, zisizopishana hata kidogo. Zinakaa katikati kama ukuta kati ya upande wa kupita mbele na upande wa kupita nyuma. Klipu za kona nazo zinahitaji adabu. Awali niliziachia miguu ipishane kadiri ilivyopenda, na zilipochanganywa na ile ya kulia kamili vidole vya kushoto vilikuwa vinakanyaga wayo wa kulia. Nikauzuia mguu wa kushoto usivuke mstari wa mguu wa kulia, na badala ya kuvuka nikaziruhusu nyonga zigeuke. Akienda mbele-kulia, nyonga zinaelekea kulia kwa nyuzi 35 hivi, kiasi kwamba kwa miguu safari ile inakaribia kuwa ya kwenda mbele tu. Akienda nyuma-kulia, nyonga zinageukia kushoto kwa kiasi hicho hicho, na kwa miguu inakuwa safari ya kurudi nyuma. Kulia kamili, nyonga zinatazama mbele.

Nyonga zikigeuka nyuzi 35, bunduki nayo ingegeuka, na mlengaji angekosa shabaha. Kwa hiyo mgongo unazungushwa kinyume kwa nyuzi hizo hizo, na mzunguko unagawanywa kwenye viungo vitatu vya uti wa mgongo. Ukiuweka wote kwenye kiungo kimoja, kiuno kinasokoteka kama kitambaa kinachokamuliwa. Wapo wanaoifanya kazi yote hii kwa hesabu bila kutengeneza klipu za kona. Mradi wa mfano wa Lyra, ambao kampuni ya Epic iliutoa 2022, unatumia klipu za pande nne tu, na injini yenyewe huzipinda nyonga kuelekea kona kisha huurudisha mgongo. Kwenye Unreal kifaa hicho kinaitwa `Orientation Warping`. Ni njia nzuri, na inaokoa kazi nyingi. Binafsi kwa mhusika anayelenga nabaki na nane, kwa sababu uzito wa mwili unapokwenda nyuma-kushoto hauko pale unapokuwa ukirudi nyuma moja kwa moja, na tofauti hiyo napenda niiweke kwa mkono.

Mpaka hapa mchezaji amekuwa mpole. Mchezaji halisi akirushiwa risasi hubonyeza D, anaiachia, anabonyeza A papo hapo, kisha D tena. Tuifuate geuko moja kwa karibu.

Mhusika anakwenda kulia kwa sentimita 300 kwa sekunde. Mchezaji anageuza. Kidonge kwenye gemu langu kinafunga breki kwa nguvu: kila sehemu ya mia ya sekunde kinapoteza sentimita 20 za kasi. Kinasimama baada ya sekunde 0.15, kikiwa kimekwenda sentimita 22.5 zaidi, kisha kinachukua sekunde 0.15 nyingine kufikia kasi kamili kwenda kushoto. Jumla ni sekunde 0.3, fremu tisa. Tuseme sasa umeiachia injini ibadilishe klipu ya kulia kwa ya kushoto kwa mchanganyo wa kawaida wa fremu sita. Kwenye fremu ya tatu klipu zote mbili zina nguvu sawa. Moja inauvuta unyayo huku, nyingine kule, zinafutana, na miguu inasimama. Lakini kidonge bado kinakwenda kulia kwa sentimita 100 kwa sekunde, na miguu iliyosimama inaburuzwa. Kwenye fremu ya sita klipu ya kushoto imeshika yote, na miguu inakimbia kwa 300 wakati kidonge ndiyo kwanza kimefika 100. Mtelezo wa kwanza ni kama wa breki kwenye tope, na wa pili ni wa tairi linalozunguka pale pale.

Mchanganyo hauwezi kuitengeneza hali hii, kwa sababu kile mtu anachofanya anapogeuka hakimo kwenye klipu ya kulia wala ya kushoto. Mtu anautupa mguu wa kulia nje, mbali na mwili, anaukandamiza, goti linakunjika, nyonga zinashuka, mwili unaufuata mguu hadi unasimama, kisha mguu ule ule unaisukuma ardhi na kumrudisha. Kwa hiyo geuko linahitaji klipu yake lenyewe. Yangu inazishusha nyonga sentimita 6, na ule mguu wa kulia ukishatua hauondoki mahali pake mpaka mwili umeanza kwenda kushoto.

Klipu hiyo haichezwi kwa saa. Inachezwa kwa umbali. Mara tu mchezaji anapogeuza, injini inajua kwamba zimebaki sentimita 22.5 kabla ya kusimama, kwa hiyo inaitafuta fremu ya klipu ambayo mwili wake nao umebakiza sentimita 22.5. Zikibaki 10, inaonyesha fremu yenye 10. Zikibaki sifuri, inaonyesha ile ambayo goti limekunjika kabisa. Kidonge kikichelewa, klipu inachelewa nacho, na unyayo hauna sababu ya kuteleza. Laurent Delayen wa Epic aliieleza mbinu hii hadharani 2016 alipozungumzia gemu la Paragon, na mpaka leo sijaona nyingine inayonisaidia zaidi kwa kazi hii.

Mimi nilikosea kwa kutengeneza klipu moja ya geuko. Ilipendeza nusu ya mara. Nusu nyingine mguu wa kulia uliruka ghafla kutoka chini ya mwili hadi nje, kama umepigwa shoti. Nilichukua siku mbili kuelewa. Mchezaji akigeuza wakati mguu wa kulia uko hewani, mambo ni mepesi, unatua nje na kazi inaanza. Akigeuza wakati wa kulia umeshatua na wa kushoto ndio unaukaribia, ule wa kulia uko chini ya nyonga, na mwili wenye sentimita 22.5 za kwenda utaupita. Mtu halisi hapo hupiga kihatua kimoja cha haraka: wa kushoto unagusa chini, wa kulia unachomoka kwenda nje. Kwa hiyo kila geuko lina klipu mbili, na injini inachagua kwa kuuliza mguu gani uko chini.

Bado kuna yule anayebonyeza A na D kwa kasi hata geuko la kwanza halijaisha la pili limefika. Kwake hakuna klipu itakayotosha. Hapo natumia kufuli la mguu. Klipu ikisema unyayo umetua, injini inakumbuka mahali penyewe na kuung'ang'aniza pale, huku goti na paja vikijipanga upya kuufuata mwili. Pengo kati ya mahali ulipofungiwa na mahali klipu inapoutaka likizidi sentimita 18, au mguu ukikaribia kunyooka kabisa, kufuli linafunguliwa na unyayo unaruhusiwa kulifuata pengo hilo kwa fremu tatu, ukiwa umeinuliwa kidogo. Ukichelewa kufungua, mguu unanyooka kama fimbo na goti linadunda mbele na nyuma, jambo linaloonekana vibaya kuliko kuteleza kwenyewe. Na kufuli lina hatari ya pili: linaficha klipu mbovu. Ninapokagua klipu nalizima kabisa, nalirudisha mwishoni.

Ukaguzi wangu ni mmoja. Naweka sakafu ya miraba, kamera naishusha kwenye kifundo cha mguu, na mwendo naupunguza hadi robo. Kwenye ncha ya kidole gumba cha kila mguu nafunga kitu kinachoacha doa jekundu sakafuni kila fremu. Unyayo uliotulia unaacha doa moja. Unaoteleza unaacha mstari, na urefu wa mstari ndio kipimo cha kosa. Kwanza nakizungusha kijiti polepole duara zima, nikikawia katikati ya kila pande mbili, kisha napiga A na D kila baada ya sekunde 0.3.

Wiki iliyopita duara zima lilitoka madoa matupu, isipokuwa kati ya nyuma na nyuma-kushoto, ambako mguu wa kulia uliacha mstari wa sentimita 2. Nilirudi kwenye utepe wa sebuleni na mpini wa fagio. Nilikuwa nimeuchelewesha mguu wa kulia kutua kwa fremu mbili kwenye klipu ya nyuma-kushoto, kwa sababu siku ile ya kurekodi kona ya zulia ilinizuia.